Almasi "asilia" lakini rangi ya kupikwa: maabara wanajuaje, na muuzaji alitakiwa aandike nini?

Duka_Dogo_NRB
Wadau habari zenu. Naomba wanaojua almasi za rangi wanisaidie, mimi riziki yangu ni tanzanaiti na savoraiti, almasi naziingilia kwa kuokoteza tu. Nilichukua jiwe Dubai, karati 1.02, njano inayoelekea kijani, rangi imeshiba kweli kweli, ukilitoa juani unaona kama kuna kijani kinawaka humo ndani. Invoisi imeandikwa "almasi asilia, njano-kijani kali" basi, cheti hakuna. Bei ilikuwa nzuri, jamaa akasema anafunga hesabu za mwaka. Sasa mteja wangu akasema halipi bila cheti, nikalituma maabara, limerudi na majibu kwamba almasi ni ya kuchimbwa ila rangi imetokana na HPHT, yaani imepikwa kwa presha kubwa na joto kali. Mteja kaingia mitini. Nimempigia aliyeniuzia ananiambia "kaka mimi nimeandika almasi asilia, na hao maabara wako wamekubali ni asilia, uongo wangu uko wapi?"
Maswali mawili. Hao maabara wamejuaje, maana mimi nimeliangalia na lupu mpaka macho yakauma sikuona kitu. Na huyu jamaa, ana hoja au hana?

Mpwa_wa_Sonara
Pole sana mkuu, umepigwa. HPHT ni almasi za kukuzwa kiwandani, hizo za China na India, sio za ardhini. Ungekuwa na ile kalamu ya kupimia almasi ungejua palepale kabla hujatoa hela.

Duka_Dogo_NRB
Kalamu ninayo mkuu na ililia vizuri tu. Na cheti kimesema ni ya kuchimbwa, soma tena.

Mzee_Lupu
Kalamu inapima jiwe linavyopitisha joto, basi. Almasi ya Mwadui italia, ya kiwandani italia, iliyopikwa italia, kwa sababu zote ni almasi. Rangi imetoka wapi hilo kalamu haina habari nalo kabisa.

Mpwa hajakosea yote. HPHT ni jina la presi, na presi hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza almasi mpya, hiyo ndiyo anayoijua yeye. Ya pili ni kuchukua almasi ambayo tayari imetoka ardhini ikiwa na rangi isiyo na soko, ukaipika mpaka rangi ibadilike. Hii ya pili watu waliisikia kwa kishindo mwaka 1999 kampuni ya General Electric na Lazare Kaplan walipotangaza wanauza mawe ya kahawia waliyoyageuza kuwa meupe. Soko lilishtuka kwa sababu wakati ule maabara zilikuwa hazina namna ya uhakika ya kuyatofautisha. Baada ya muda mfupi wengine wakaanza kutoa hizi njano-kijani kama yako.

Jiwe lako mwanangu nina uhakika mkubwa lilianza likiwa la kahawia. Almasi nyingi za kahawia zilikandamizwa zikiwa bado huko chini, mpangilio wa ndani ukapinda, ndiyo maana zina ule ukahawia wa chai na bei yake ni ya kawaida. Mtu analiweka kwenye presi, nyuzi kama 2000 za joto, presha ya angahewa elfu 50, 60 na zaidi. Kazi ya presha ni kulizuia lisigeuke grafaiti tu, kinachobadilisha rangi ni joto. Ule ukahawia unavunjika, zinabaki nafasi tupu za kaboni zinazotembeatembea ndani ya jiwe, zikikuta naitrojeni zinanasa hapo, na naitrojeni iliyonasa nafasi tupu ndiyo inayoleta njano-kijani, na ndiyo hiyo inayowaka kijani juani. Dakika chache tu kwenye presi na jiwe la kahawia limeshakuwa lingine.

Sonara_Kibokoni
Shikamoo mzee. Sasa hapo kwenye kuwaka, mimi nimeshika mawe yanawaka kijani na yana cheti cha rangi ya asili. Kwa hiyo kuwaka peke yake sio ushahidi?

Mzee_Lupu
Marahaba. Sio ushahidi peke yake. Kwenye ya asili mara nyingi kijani kinakaa kwenye mistari myembamba inayofuata ule ukahawia wa ndani, kwenye ya kupikwa kinajaa jiwe zima. Lakini nimeona pia yanayochanganya, ndiyo maana maabara haiamui kwa kuangalia.

Ngoja niwaeleze jiwe la Duka lilipitia nini kule, maana nimefanya kazi meza hiyo miaka mingi.

Kwanza darubini. Jiwe likitoka kwenye presi linatoka limechakaa juu, linaonekana kama kioo cha dirisha la bafu, kwa hiyo linang'arishwa upya nyuso zote. Ila kiunoni kwenye mkanda huwa hawamalizi vizuri, wanaogopa kupoteza uzito, sasa ukitafuta pale unaweza kukuta kipande kidogo kimebaki na ukungu. Kitu kingine ni uchafu wa ndani ya jiwe, ukipata joto lile unajizungushia ufa mdogo na ule ufa unakuwa mweusi wa grafaiti. Duka rudia kuliangalia jiwe lako kiunoni, tumia mwanga wa pembeni, usimulike moja kwa moja.

Halafu infraredi. Hapa ndipo mchezo unapoharibika kwa mpishi. Naitrojeni ikiingia kwenye almasi inaingia moja moja, halafu kwa mamilioni ya miaka huko chini zinatafutana zinakuwa mbili mbili na makundi makubwa zaidi. Jiwe la zamani lenye mbili mbili nyingi halitakiwi kuwa na za upweke zimebaki, muda wa kutafutana ulikuwepo tele. Presi inazivunja zile mbili mbili ghafla, zinabaki za upweke chache, na jiwe linapoa kabla hazijapatana tena. Mashine ikionyesha makundi mengi na za upweke pamoja, unajua joto kubwa limepita hapo na si zamani.

Mwisho jiwe linatumbukizwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, linapigwa mwanga na kusomwa. Wanalipoza kwa sababu kwenye joto la chumba alama zinatanuka na kufifia, kwenye baridi zinasimama kama sindano. Jiwe la aina yako litaonyesha sindano kali kwenye nanomita 503, hiyo ndiyo H3 inayotoa ule mwanga wa kijani, na nyingine kwenye 986 wanayoiita H2. Ile 503 iko hata kwenye mawe ya asili. Ile 986 ikiwa na nguvu, kwenye jiwe la njano-kijani, ikakutana na zile naitrojeni za upweke, hapo mpimaji anasaini bila wasiwasi.

Duka_Dogo_NRB
Mzee nimeliangalia sasa hivi. Kuna kipande kiunoni, kidogo kuliko punje ya chumvi, kama kimepulizwa pumzi. Nilidhani ni uchafu wa vidole.

AbuSalim_Deira
Asalaam aleikum jamaa. Niko soko huku siku nyingi nasema yangu na mtanisamehe. Ndugu Duka jiwe la karati moja njano-kijani kali, bei ile ulopewa, bila cheti, hukujiuliza? Huku kila mtu anajua bei ni lugha. Na nyie wa Arusha na Nairobi mnauza tanzanaiti zote zimechomwa, nani anaandika kwenye risiti? Mbona hiyo hamuiti wizi?

Mpwa_wa_Sonara
Hapo kwa tanzanaiti Abu kagonga 😂

Mzee_Lupu
Abu ana hoja nusu. Tanzanaiti karibu zote zinatoka ardhini zina ukahawia na zinachomwa nyuzi mia tano mia sita zinakuwa bluu, dunia nzima inajua, na bei ya tanzanaiti ni bei ya iliyochomwa. Kuandika ni vizuri na kanuni zinataka iandikwe, lakini asiyeambiwa hajalipishwa zaidi. Almasi ya rangi ni kinyume chake, unachonunua hasa ni uchache wa ile rangi. Njano-kijani kali ya asili na hiyo ya presi, uzito uleule, usafi uleule, bei zake hazikai meza moja. Ukinyamaza hapo umeuza uchache usiokuwepo.

Tume ya biashara ya Marekani, FTC, miongozo yake inauliza mambo matatu: matengenezo hayadumu, jiwe linahitaji uangalizi wa pekee, na thamani imebadilika sana? Moja likiwa ndiyo, muuzaji anatakiwa aseme. Kitabu cha almasi cha CIBJO, shirikisho la vito la dunia, nacho kinataka kutajwa, tena kabla ya kuuza. Kwa hiyo "bei ni lugha" Abu ni lugha ya mlioko ndani ya soko, bibi harusi haijui.

Sonara_Kibokoni
Hilo la uangalizi wa pekee ndilo linaloniuma mimi, mafundi ndio tunaobebeshwa mzigo. Kuna fundi tunakaa naye meza jirani, aliletewa pete ya mwanamke, almasi ya bluu-kijani kama maji ya pwani asubuhi, kucha mbili zimelika anataka ziongezwe dhahabu. Jamaa ni mzoefu, kaipaka jiwe asidi ya boriki na spiriti kama inavyotakiwa lisiungue, kawasha tochi, kaongeza kucha, kasubiri ipoe polepole wala hakulitia maji. Lilivyopoa likawa na rangi ya majani makavu, kijani kilichochafuka kinaelekea njano. Hakuna ufa, hakuna kuungua, jiwe safi. Mwenye pete akamwambia umenibadilishia jiwe! Ikawa kesi ya familia mpaka leo hawasalimiani. Risiti ya dukani ilisema almasi ya bluu basi, hakuna neno lingine lolote.

Mzee_Lupu
Hiyo sio presi, hiyo ilipigwa mionzi. Na fundi hana kosa.

Mionzi inafanya kazi tofauti. Wanarusha elektroni kwa mashine, au wanaliweka jiwe kwenye reakta ya nyuklia linapigwa na nyutroni. Kila pigo linaing'oa chembe ya kaboni kutoka mahali pake na kuacha nafasi tupu. Nafasi tupu zikiwa nyingi zinameza mwanga mwekundu, unabaki kuona bluu au kijani. Kwenye mashine inaonekana kama sindano ya nanomita 741, GR1. Sasa nafasi hizo zimetulia kwenye joto la kawaida, mwenye pete anaweza kuoga nayo na kupika ugali miaka hamsini. Lakini zikifika nyuzi mia sita hivi zinaanza kutembea, na tochi ya sonara inafika huko na kupita. Zikitembea zinanasa kwenye naitrojeni, rangi inageuka kijani-njano au kahawia. Hao wapiga mionzi wenyewe wanafanya hivyo kwa makusudi wakitaka njano au chungwa, na jiwe likiwa la aina nyingine wanapata mpaka waridi. Fundi wako kamalizia kazi ya kiwanda bila kujua.

Boriki inalinda uso wa jiwe usiungue na hewa, ndani joto linaingia vilevile.

BintiMwadui
Samahani naingilia, mimi ni wa Shinyanga. Marehemu babu alikuwa na kijiwe kibichi hakijakatwa, kina ngozi ya kijani kwa nje na madoa madoa. Mnavyosema mionzi naogopa, kwani kuna mtu alikipeleka kiwandani? Na kina madhara nikikaa nacho ndani?

Mzee_Lupu
Swali lako ni lingine binti lakini ni zuri. Ngozi hiyo ni kazi ya ardhi. Kwenye udongo na mawe kuna urani kidogo, inatoa chembe za alfa, almasi ikikaa nayo jirani miaka mingi sana inapata madoa ya kijani, na yakipata joto yanakuwa ya kahawia. Alfa haiendi mbali, sehemu ndogo sana ya milimita moja, kwa hiyo mkataji akiondoa ngozi kijani kinaondoka na ndani jiwe linaweza kuwa jeupe tu. Madhara hakuna, jiwe lilipigwa, lenyewe halitoi mionzi. Ya kuogopa ni zile za kizamani zilizozikwa kwenye chumvi za radiamu, William Crookes alianza mchezo huo mwaka 1904, zile zinabeba mionzi mpaka kesho.
Usitaje bei hapa, na kama huna karatasi za jiwe bichi kaulize ofisi ya madini kwanza.

BintiMwadui
Asante mzee nimekuelewa. Siuzi, ni kumbukumbu tu.

Duka_Dogo_NRB
Mzee sasa kama ardhi inapiga mionzi na kiwanda kinapiga mionzi, hiyo 741 si itatokea kwa wote? Wanatofautishaje?

Mzee_Lupu
Umegusa kidonda. Kwa kijani, saa nyingine hawawezi, na maabara ya heshima inaandika asili ya rangi haijulikani, cheti kinatoka hivyo na hawaoni aibu. Wanatafuta madoa yaliyoachwa kiunoni, wanaangalia rangi imekaaje, maana ya elektroni inaweza kufuata umbo la jiwe lililokwisha kukatwa, na zile za zamani zilizopigwa kwa mashine ya saiklotroni ukichungulia kwa juu unaona kama mwavuli umefunguliwa kwenye ncha ya chini. Kiwanda kikilipiga jiwe kwa nyutroni rangi inaenea sawasawa na alama hizo huzioni. Ile almasi ya kijani ya Dresden, karibu karati 41, walioipima miaka ya 80 ilikuwa ni dhahabu kwao kwa sababu iko kwenye kumbukumbu tangu karne ya 18, kabla binadamu hajajua mionzi ni nini. Hiyo ni ya asili bila ubishi, unailinganisha na nyingine.

Njano zilizopigwa mionzi kisha zikapashwa ni rahisi zaidi. Robert Crowningshield wa GIA, taasisi ya vito ya Marekani, ndiye aliyeona mwaka 1956 mstari mmoja kwenye spektroskopu, leo tunausoma 595, ukawa ndio ushahidi. Wapishi wakajua, wakawa wanapasha zaidi ya nyuzi 1000 mstari unapotea. Basi ukipotea vinazaliwa viwili vingine kwenye infraredi, H1b na H1c, ambavyo jicho na spektroskopu ya mkononi havionyeshi.

Na msidhani wanaopigwa ni wadogo tu. Almasi ya Deepdene, njano, zaidi ya karati 104, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's Geneva mwaka 1971 kama rangi ya asili, tena ina karatasi za wapimaji wa Ujerumani. Maabara ya Gübelin kule Uswisi ikaitilia shaka, ikaonekana imepigwa mionzi, mauzo yakafutwa na hela zikarudi.

Duka_Dogo_NRB
Sasa hiyo ndiyo hoja yangu kwa jamaa. Naomba mnisaidie niandike vizuri, maana hata mimi nikiliuza tena lazima niandike. Nimejaribu hivi:

"Almasi ya kuchimbwa, karati 1.02. Rangi ya njano-kijani si ya asili, imetengenezwa kwa joto na presha kubwa (HPHT). Rangi ni ya kudumu. Namba ya ripoti ya maabara: ..."

Sonara_Kibokoni
Nzuri. Ila usiandike mbele "almasi asilia" halafu chini kwa herufi za sisimizi "imeboreshwa". Nimeziona hizo. "Imeboreshwa" imekuwa kichaka, mtu anadhani umeliosha.

Mzee_Lupu
Imekaa vizuri, sifa ya jiwe peke yake na sifa ya rangi peke yake. Jamaa yako wa Dubai alichofanya ni kuweka neno "asilia" pembeni ya rangi akalijua msomaji ataliunganisha. Kila neno lake ni kweli na sentensi yake inadanganya.

Hiyo "ya kudumu" kwa presi ni sawa, lilishapitia nyuzi 2000, tochi ya sonara haitaliambia kitu. Kwa jiwe la mionzi usithubutu kuandika hivyo bila kuongeza. Andika "rangi imetengenezwa kwa mionzi, haibadiliki kwa matumizi ya kawaida, jiwe litolewe kwenye pete kabla ya moto wowote wa fundi". Fundi akiona hivyo analitoa au anapeleka kwa mwenye mashine ya leza. Na kama maabara imeandika kwa leza kiunoni taja, ila usitegemee maandishi hayo peke yake, yale ya GE POL kwenye mawe ya General Electric ya 1999 kuna yaliyokutwa yamesuguliwa yakafutwa.

AbuSalim_Deira
Haya mzee nakubali kwa jiwe la karati. Sasa nijibu la mawe madogo. Nina bangili ina vijiwe vya bluu vingi, kila kimoja pointi moja pointi mbili, aloniuzia hajui, alomuuzia yeye hajui. Kupima kimoja ni ghali kuliko kijiwe. Niandike nini?

Mzee_Lupu
Vijiwe vya bluu vya ukubwa huo, vyote rangi moja, kwa bei ya bangili? Andika vimetengenezwa rangi. Bluu ya asili haipatikani kwa mafungu.

AbuSalim_Deira
Na kama ni njano? Njano ya asili kwa mafungu ipo.

Mzee_Lupu
Ipo, na hapo mimi na wenzangu tumegombana sana. Wako wanaosema pima vichache uandike kwa vyote, mimi naona hiyo ni kubahatisha, mafungu yanachanganywa njiani. Ningeandika "asili ya rangi haijapimwa" na niuze kwa bei ya kupikwa.

AbuSalim_Deira
Bei ya kupikwa kwa jiwe ambalo labda halijapikwa. Huo nao ni wizi mzee, umeniibia mimi.

Sonara_Kibokoni
Hahaha hapo Abu kasema. Ila mimi fundi nishike lipi? Nikiona "haijapimwa" nafanya kama ya mionzi, natoa vijiwe vyote kwanza, na bei ya kazi inapanda, nani analipa?

Duka_Dogo_NRB
Mrejesho kidogo. Nimemtumia jamaa ripoti na maelezo ya Mzee, nimemuuliza swali moja tu: wakati unaniuzia ulijua rangi imetoka wapi au hukujua? Tiki mbili za bluu, amesoma, hajajibu. Sonara nikija Mombasa nikuletee jiwe ulitie kwenye pete, nina mteja mwingine nimeshamwambia ni HPHT na bado analitaka, ila anataka bei ya kweli.